Riba asilimia 18, miezi 24: rejesho la mwezi ni shilingi ngapi hasa?

SWALI

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Kilosa. Nataka kukopa shilingi 6,000,000 nimalizie nyumba. Ofa niliyopewa inasema riba ni asilimia 18 kwa mwaka, haibadiliki, muda ni miezi 24, na makato kwenye mshahara ni 299,545 kila mwezi. Nikipiga hesabu mwenyewe napata 340,000. Kijana wangu kaingiza kwenye Eksel ikamtolea 1,100,725.78, tena kwa rangi nyekundu na alama ya kutoa mbele yake. Mwenzangu kazini ananiambia ukiona rejesho dogo kuliko ulivyotarajia, ujue kuna kitu kimefichwa. Naomba unioneshe hesabu yenyewe hatua kwa hatua, niweze kuirudia kwa simu kabla sijasaini.

*Mwalimu, Kilosa*

JIBU

Mwalimu, kwa masharti uliyoyaandika, 299,545 ndilo rejesho sahihi. Hiyo 340,000 yako nayo ina mahali pake, na nitakuonesha ni wapi. Ya kijana wako imeharibiwa na jambo moja dogo ambalo huwakuta wengi.

Tuanze na riba yenyewe. Asilimia 18 ni ya mwaka, lakini wewe unalipa kila mwezi, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuigawa kwa 12. Unapata asilimia 1.5 kwa mwezi, ambayo kwenye kikokotoo huandikwa 0.015. Mwezi wa kwanza unadaiwa milioni 6 zote, hivyo riba ni 6,000,000 × 0.015, yaani 90,000. Ukilipa 299,545, shilingi 90,000 zinakwenda kwenye riba na 209,545 zinazobaki zinapunguza deni. Mwezi wa pili hudaiwi tena milioni 6. Unadaiwa 5,790,455, na riba inatozwa kwenye kiasi hicho tu: 86,857. Kwa kuwa rejesho halibadiliki, safari hii 212,688 zinaingia kwenye deni. Mwezi wa tatu salio ni 5,577,767, riba inashuka hadi 83,667, na sehemu inayokata deni inapanda hadi 215,878. Mambo yanaendelea hivyo mpaka mwezi wa 24, ambapo riba imebaki kama 4,427 na karibu fedha yote unayotoa inamalizia deni.

Sasa utaona kwa nini huwezi kupata rejesho hili kwa kugawanya na kujumlisha peke yake. Tunatafuta kiasi kimoja, kilekile kila mwezi, ambacho baada ya kulipwa mara 24 kitaacha salio sifuri kamili. Ukilipa pungufu, deni linabaki. Ukilipa zaidi, linaisha kabla ya wakati. Fomula inayokipata kiasi hicho ni hii:

```
i = riba ya mwaka / 12
k = (1 + i)^n
rejesho = P × i × k / (k − 1)
```

P ni kiasi ulichokopa na n ni idadi ya miezi. Hiyo k inaonesha shilingi moja ingefika ngapi kama ingeachwa ikue kwa riba hiyo kwa miezi yote bila kulipwa chochote. Kwako wewe shilingi 1 ingefika 1.4295 baada ya miezi 24.

Kwenye simu, fungua kikokotoo kisha uilaze simu ubavu ili vitufe vya ziada vijitokeze. Tafuta kitufe cha kipeo, kilichoandikwa `^` au `xʸ`. Bonyeza 1.015, kisha kipeo, kisha 24, na utapata 1.429502812. Hiyo ndiyo k. Ukitoa 1 unapata 0.429502812. Gawanya k kwa hiyo ya pili: 1.429502812 ÷ 0.429502812 = 3.328273. Zidisha kwa riba ya mwezi wa kwanza, ile 90,000, nawe utafika 299,544.61. Mkopeshaji amepandisha hadi shilingi kamili, ndipo ikaja 299,545. Senti hizo alizoongeza hujirudi kwenye rejesho la mwisho, ambalo litapungua kwa shilingi chache. Usishangae ukiliona haliko sawa na mengine.

Kama unatumia kikokotoo kidogo cha mezani kisicho na kipeo, bado unaweza. Zidisha 1.015 kwa yenyewe upate 1.030225, hiyo ni ya miezi 2. Zidisha jibu hilo kwa lenyewe upate 1.06136355, ya miezi 4. Rudia tena upate 1.12649259 ya miezi 8, na tena upate 1.26898555 ya miezi 16. Kwa kuwa 16 na 8 ni 24, zidisha hizo mbili za mwisho, 1.26898555 × 1.12649259, na utakuwa umefika palepale kwenye 1.4295028 kwa kuzidisha mara tano tu.

Kuna sehemu mbili ambapo hesabu hii huharibika mkononi. Ya kwanza ni kuiandika yote kwa mkupuo bila mabano. Ukibonyeza 90000 × k ÷ k − 1, kikokotoo kinazidisha, kinagawanya, halafu mwishoni ndipo kinatoa 1, na unaletewa 89,999. Ukiona jibu ambalo ni riba ya mwezi wa kwanza kasoro shilingi moja, jua mabano ya `(k − 1)` yamesahaulika. Ya pili ni kukata desimali mapema. Ukiifanya k kuwa 1.43 kwa sababu inapendeza, rejesho linatoka 299,302, pungufu ya shilingi 242 kila mwezi, na utaenda kumlaumu afisa mikopo bure. Acha tarakimu zote kwenye kikokotoo mpaka mwisho, kisha ukate jibu peke yake. Hili ni muhimu zaidi riba ikiwa kama asilimia 17, ambayo ukiigawa kwa 12 desimali zake hazina mwisho.

Nije kwa kijana wako. Bila shaka aliandika hivi:

```
=PMT(18%,24,6000000)
```

Eksel haijui kwamba 18% ni ya mwaka na 24 ni miezi. Inachukulia kwamba vyote viwili ni vya kipindi kimoja, kwa hiyo imekokotoa mkopo unaotozwa asilimia 18 kila mwezi. Alama ya kutoa na wekundu si kosa. Ni namna ya Eksel kusema kwamba fedha hiyo inatoka mfukoni mwako. Aandike hivi:

```
=PMT(18%/12,24,-6000000)
```

Atapata 299,544.61 bila alama ya kutoa, kwa sababu tumeiweka kwenye mkopo. Fomula hiyohiyo inafanya kazi kwenye Google Sheets. Kuna njia nyepesi ya kugundua kosa la aina hii hata kama hujui Eksel. Rejesho lazima lizidi mkopo ukigawanywa kwa miezi, yaani 250,000 kwako, na lisizidi kiasi hicho ukijumlisha riba ya mwezi wa kwanza, yaani 340,000. Jibu lolote lililo nje ya mipaka hiyo miwili limekosewa mahali, au si mkopo wa riba inayotozwa kwenye salio.

Na hapo ndipo ilipo 340,000 yako. Nadhani ulifanya hivi: 18% ya milioni 6 ni 1,080,000, kwa miaka miwili ni 2,160,000, ukajumlisha na mkopo ukapata 8,160,000, ukagawa kwa 24. Hesabu imenyooka, ila inachukulia kwamba riba inatozwa kwenye milioni 6 mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, hata pale ambapo umeshalipa zaidi ya nusu. Wako wakopeshaji wanaotoza hivyo kwelikweli, na maofisa mikopo huiita fulati. Kwa ofa yako jumla ya riba ni 1,189,071. Kwa fulati ingekuwa 2,160,000. Asilimia ni ileile 18, muda uleule, tofauti ni karibu shilingi 971,000. Kwa hiyo mwenzako ana haki ya kutilia shaka, ila kageuza upande: rejesho linalozidi matarajio ya fomula ndilo la kuulizwa.

Ukitaka kujua fulati ya asilimia 18 ingekuwa sawa na riba gani kama ingetozwa kwenye salio, mwambie kijana wako aandike:

```
=RATE(24,340000,-6000000)*12
```

Itatoka karibu asilimia 31.5 kwa mwaka. Mimi naona hiki ndicho kipimo cha kulinganisha ofa mbili, kwa sababu kinaziweka zote kwenye mizani moja, hata kama kila mkopeshaji anataja asilimia kwa namna yake.

Hata hivyo, usimhukumu mtu kwa rejesho la kwanza tu. Upo mpango wa tatu unaotumiwa na baadhi ya vyama vya akiba na mikopo, ambapo kinachogawanywa sawa ni deni peke yake. Kila mwezi unalipa 250,000 za deni, na juu yake riba ya salio lililobaki. Mwezi wa kwanza unalipa 250,000 na 90,000, jumla 340,000, kama fulati kabisa. Lakini mwezi wa pili salio ni 5,750,000, riba ni 86,250, na unalipa 336,250. Rejesho linashuka kwa 3,750 kila mwezi mpaka la mwisho la 253,750. Jumla ya riba ni 1,125,000, ndogo kuliko ya ofa yako kwa shilingi 64,000 hivi. Usidhani asilimia ni nafuu zaidi. Riba imepungua kwa sababu mwanzoni unarudisha fedha nyingi zaidi, na kwa mwenye mshahara usiobadilika miezi hiyo ya mwanzo inaweza kubana.

Ndiyo maana nakushauri uombe jedwali la marejesho kabla ya kusaini, na macho yako yaende mstari wa pili, kwenye safu ya riba. Mwezi wa kwanza mipango yote mitatu inaonesha 90,000. Mwezi wa pili ndipo inapoachana. Ukikuta riba ni 86,857, huo ni mkopo wa rejesho sawa kama ulivyoahidiwa. Ukikuta 86,250, ni ule wa deni kugawanywa sawa. Ukikuta bado 90,000, ni fulati, hata kama neno hilo halimo popote kwenye karatasi.

Inawezekana ukakuta mwezi wa kwanza wenyewe hauna 90,000 bali 91,726. Hapo mkopeshaji anahesabu riba kwa siku: 6,000,000 × 0.18 ÷ 365 ni kama 2,959 kwa siku, na mwezi una siku 31. Mwezi wa siku 30 ungekupa 88,767. Fomula yetu inachukulia kwamba miezi yote inalingana, kwa hiyo riba ya mwezi mmoja mmoja itayumba kidogo dhidi ya hesabu yako, na rejesho linaweza kupishana kidogo pia. Tofauti ya mia kadhaa kwenye rejesho inaelezeka hivyo. Tofauti ya maelfu ya shilingi haielezeki kwa siku za mwezi peke yake.

Kinacholeta maelfu ni siku zilizopita kati ya kupokea fedha na makato ya kwanza. Fomula inategemea kwamba unalipa mwezi mmoja kamili baada ya kupokea. Makato ya mshahara mara nyingi huchelewa kuanza, maana jina lako lazima liingie kwenye orodha ya mwezi. Fedha zikiingia siku 55 kabla ya makato ya kwanza, kuna siku 25 za ziada zenye riba ya karibu 74,000. Muulize afisa hizo zinakwenda wapi: zinakatwa kwenye mkopo siku ya kutoa, zinaongezwa kwenye deni na kupandisha rejesho, au zinasubiri mwisho? Kila jibu linakubalika, mradi liandikwe.

Ada nazo haziguswi na fomula. Tuseme unakatwa asilimia 2 ya kushughulikia mkopo. Mkononi utapokea 5,880,000, lakini rejesho litabaki 299,545 kwa sababu deni lako ni milioni 6. Ukiweka kiasi ulichopokea badala ya ulichokopa,

```
=RATE(24,299545,-5880000)*12
```

utaona asilimia 18 imekuwa karibu 20.1. Bima ya mkopo ikikatwa mwanzoni, itoe nayo kwenye kiasi ulichopokea, usiiweke kwenye rejesho. Lakini ikilipwa kila mwezi pamoja na rejesho, makato kwenye hati ya mshahara yatazidi 299,545, na hapo si fomula iliyokosea.

Nikiwa bado kwenye fomula, iko hali moja inayoigomesha kabisa: mkopo usio na riba, kama ile ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hapo i ni sifuri, k inakuwa 1, na k − 1 ni sifuri, kwa hiyo kikokotoo kitakuandikia kosa. Gawa tu mkopo kwa miezi.

La mwisho, kwa kuwa unajenga, huenda katikati ya safari ukatamani kulipa deni lote mapema au kuongeza mkopo juu ya huu. Usikadirie kwamba baada ya miezi 12 utakuwa umebakiza milioni 3. Salio linapatikana kwa kutumia miezi iliyobaki, m:

```
salio = rejesho × (1 − (1 + i)^−m) / i
```

Kwa miezi 12 iliyobaki, tafuta kwanza 1.015 kwa kipeo cha 12, ambayo ni 1.195618. Gawa 1 kwa hiyo upate 0.836387. Toa kwenye 1 upate 0.163613, gawa kwa 0.015, kisha zidisha kwa rejesho. Jibu ni kama 3,267,284. Mwaka wa kwanza umelipa karibu 3,594,535, na kati ya hizo 861,820 zilikuwa riba. Hilo ndilo salio la kwenda nalo kwa mkopeshaji siku hiyo. Akikutajia kiasi kikubwa zaidi, mwombe akuoneshe ziada hiyo ni ada ya kulipa mapema iliyomo kwenye mkataba, au ni riba ya miezi ambayo haijafika.